Bosi mkali au bosi mnyanyasaji? Tazama yanayofuata baada ya kosa

Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, hakuna ofisi ya klirensi, yaani ya kutoa mizigo forodhani, iliyo kimya. Foleni ya malori imefika mbali upande wa Kenya, madereva wanapiga simu kuuliza kama karatasi zimetoka, mwenye mzigo yuko Kikuubo, Kampala, anahesabu siku, na bosi amesimama katikati ya chumba akiita watu kwa majina. Mgeni akichungulia mlangoni anaweza kuapa kwamba humo watu wanateswa. Mara nyingi atakuwa amekosea. Halafu ipo ofisi ya jirani, feni inazunguka polepole, bosi anasema "tafadhali" na "asante", na humo yumo kijana ambaye kila Jumapili jioni tumbo humvuruga akikumbuka kwamba kesho ni Jumatatu.

Ndiyo maana siamini kipimo cha sauti. Kiswahili cha kazini hapa Uganda kimepita kambini, vituo vya polisi na kwenye malori kabla ya kufika mezani kwetu, na hakijawahi kuwa cha kunong'ona. Ukimhesabu kila anayepaza sauti kuwa mnyanyasaji, utawafukuza mabosi wazuri wengi wa mpakani na kuwaacha wabaya wanaojua kutabasamu. Wala wingi wa kazi si kipimo. Kuna mabosi wanaokubana hadi jasho likutoke, na baada ya miaka miwili unagundua kwamba kila ofisi ya mji inakutaka kwa sababu ulipita mikononi mwao.

Kinachowatofautisha, kwa maoni yangu, huonekana baada ya kosa. Kabla ya hapo wanaweza kufanana kama mapacha. Na kazi ya klirensi inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu kosa lake lina bei inayojulikana, kwa hiyo hasira ya bosi inaweza kupimwa dhidi ya kitu halisi.

Tuweke mfano. Deklaranti, yaani anayeandika tamko la mzigo kwa forodha, ni dada kijana, ana miezi mitano kazini. Amepewa kontena linalokwenda Kampala. Invoisi inasema bidhaa ni dola 20,000. Nauli ya meli hadi Mombasa ni dola 3,000 na bima ni dola 300, lakini hizo ziko kwenye karatasi nyingine. Yeye anaandika entri, yaani tamko lenyewe, kwa dola 20,000 na kuendelea na kazi nyingine. Kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani ya mzigo uliokuja kwa meli hujumlisha nauli na bima, kwa hiyo ilipaswa kuwa dola 23,300. Tuseme ushuru wa bidhaa hiyo ni 25%. Katika zile dola 3,300 zilizoachwa, ushuru uliokosekana ni dola 825. VAT ya 18% inakokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya dola 4,125, nayo inatoa dola 742 na senti 50. Serikali imepunjwa zaidi ya dola 1,560, na hapo bado hatujagusa tozo ndogo ndogo.

Kosa likionekana mapema, ofisi inaomba kurekebisha entri, inalipa tofauti, na mwenye mzigo ananuna siku moja. Likigunduliwa na afisa wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwanza, linaitwa jina jingine, na faini huja na jina hilo. Lisipogunduliwa na mtu yeyote, bado halijafa, maana sheria hiyo hiyo inataka nyaraka zitunzwe kwa miaka 5, na wakaguzi wanaweza kuja kuzifungua muda mrefu baada ya mzigo kuuzwa na kusahaulika.

Sasa mpeleke dada huyu kwa bosi mkali. Bosi anaona entri, anapandwa na damu. "Huu mzigo umetembea kwa miguu kutoka China? Nauli yake iko wapi?" Ofisi nzima inasikia. Si jambo la kupendeza, na angeweza kumwita pembeni. Lakini sikiliza maneno yenyewe: yanahusu mzigo, nauli na entri. Dakika tano baadaye amevuta kiti, ameweka invoisi, bili ya meli na karatasi ya bima mezani, na anamwonyesha kwamba kabla ya kuandika thamani lazima karatasi hizo tatu zikae pamoja mbele ya macho. Anatoa agizo kwamba kuanzia kesho hakuna entri yake itakayotumwa kabla mkubwa wa zamu hajaiona. Dada anaudhika. Baada ya wiki kadhaa entri zake zinatoka safi, agizo linaondolewa, na kosa lile halitajwi tena isipokuwa pengine kwa utani siku ya kula nyama.

Mpeleke kwa mnyanyasaji. Kosa ni lile lile, dola ni zile zile. Huyu huenda hata asipaze sauti. Anapiga picha entri na kuituma kwenye grupu la WhatsApp la ofisi, ambamo wamo madereva na wateja wawili, na kuandika: "Hii ndiyo kazi ya watu waliosomea chini ya mti." Anauliza ni nani aliyemleta huyu. Anataja kabila lake, au uja uzito wake, au mjomba aliyemwombea kazi. Haonyeshi popote kwamba kuna karatasi tatu za kuweka pamoja. Dada anajifunza mwenyewe kwa kuuliza wenzake, anaanza kuhakiki kila thamani mara mbili, na wiki inayofuata anaambiwa ni mzito kama gari la mchanga. Akiharakisha, anaambiwa hana umakini. Miezi minne baadaye anaomba likizo yake ya kisheria na anajibiwa, "Wewe uliyetupotezea zile dola?"

Hapa ndipo penye tofauti ninayoitafuta. Kwa bosi mkali kuna mlango wa kutokea. Kiwango kipo, kinaweza kusemwa kwa maneno, na ukikifikia hasira inakoma. Kwa mnyanyasaji kiwango kinahama kila unapokikaribia, kwa sababu hakikuwa na kazi ya kuboresha entri. Kazi yake ilikuwa kukuweka wewe chini. Ukitaka kujua uko kwa nani, acha kujiuliza "ananipenda?" na ujiulize kama upo ushahidi kwamba umewahi kufanya jambo sawasawa na likaishia hapo.

Kuna dalili ya pili ambayo huonekana ukiangalia ofisi nzima badala ya mtu mmoja, nayo ni kasi ya habari mbaya. Kwa bosi mkali, makosa humfikia upesi. Watu wanajua watafokewa, lakini wanajua pia kwamba atalibeba jambo hadi URA mwenyewe, atampigia mteja, atatafuta fedha za kulipa tofauti. Kelele yake ina mwisho na msaada wake una faida. Kwa mnyanyasaji, anayeripoti kosa ndiye anayeadhibiwa, awe amelitenda au amelikuta. Basi watu hujifunza haraka. Yule dada akiona jioni kwamba amesahau nauli, anafunga kompyuta na kuomba Mungu. Bosi anasifu ofisi yake kwamba siku hizi haina makosa, kumbe makosa yamejaa kwenye makabati yanasubiri mkaguzi. Wenye kampuni wanaodhani mnyanyasaji ni bei ya kulipia nidhamu wangefanya vizuri kulifikiria hili, kwa sababu faini haimfuati meneja, inafuata leseni.

Dalili ya tatu ni karatasi. Bosi mkali hupenda maandishi kupita kiasi: ataandika agizo, atasaini, ataweka tarehe, atakudai na wewe usaini. Inachosha. Mnyanyasaji hutoa maagizo mazito kwa mdomo na lawama nyepesi kwa maandishi. Katika ofisi za klirensi jambo hili lina hatari ya pekee. Kila deklaranti huingia kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha, kwa jina na nywila yake, na entri inabaki na alama ya aliyeituma. Bosi akisimama nyuma ya kiti na kusema "teremsha hiyo thamani kidogo, mteja ni wetu", maneno yake yanayeyuka hewani na jina lako linabaki kwenye skrini. Mtu anayekulazimisha kutenda jambo ambalo yeye mwenyewe hataki lionekane ameliagiza, kisha anakutishia na kazi yako, ameshavuka mpaka wa ukali, hata kama alisema kwa upole na kukununulia soda.

Kwa hiyo kuna jaribio dogo ninalowashauri vijana, na halihitaji ugomvi. Baada ya agizo au karipio, mwandikie ujumbe mfupi wa heshima: "Shikamoo bosi. Nimeelewa kwamba kuanzia leo kila entri iwe na invoisi, bili na bima kabla ya kutumwa, na wewe au mkubwa wa zamu ataihakiki. Kama nimekosa kuelewa, naomba unisahihishe." Usiongeze malalamiko wala maelezo ya moyo. Bosi mkali atajibu "Sawa", au ataongeza jambo la nne ulilolisahau, na pengine atakuona umeanza kukomaa. Mnyanyasaji ataudhika na ujumbe wenyewe. "Unanirekodi?" "Unataka kunifundisha kazi?" Au atakaa kimya, kisha kesho atatoa agizo lililo kinyume. Jibu moja halitoshi kumhukumu mtu, kila bosi ana siku mbaya, hasa mwisho wa mwezi. Rudia mara kadhaa na utazame mwelekeo.

Wenzako ofisini si mashahidi wa kutegemea sana katika jambo hili. Mnyanyasaji hodari huchagua. Anaweza kuwa bosi mzuri kwa watu tisa na kumgeuza wa kumi kuwa jalala la ofisi, na wale tisa watakuambia kwa unyoofu kabisa, "Mbona kwetu hana shida?" Hawadanganyi. Swali bora la kuwauliza ni moja: fulani alipofanya kosa kama langu, alifanywa nini? Katika biashara za kifamilia, ambazo ni nyingi kwetu, ongeza jingine: mpwa wa bosi alipochelewa, ilikuwaje? Bosi mkali wa kweli mara nyingi humbana mpwa wake kuliko wote, hadi dada yake anapiga simu kulalamika.

Ni lazima niseme upande wa pili pia, maana siku hizi kila onyo linaitwa unyanyasaji. Barua ya onyo kwa kosa lililotokea kweli si unyanyasaji. Kunyimwa ruhusa ya kwenda arusi ya tatu mwezi huu si unyanyasaji. Kuambiwa mbele ya wenzako kwamba kazi yako ni mbaya ni ukosefu wa adabu, na inaweza kuuma sana, lakini ikiwa kazi kweli ilikuwa mbaya na maneno yaliishia kwenye kazi, bado uko kwa bosi mkali asiye na adabu. Kwa upande mwingine, ukali wenye nia njema haumpi mtu ruhusa ya kuvunja sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka saa 48 za kazi kwa wiki, na saa za ziada siku za kawaida hulipwa kwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Bosi anayekufundisha vizuri hadi saa nne za usiku kila siku bila kulipa si mnyanyasaji, ni mdaiwa.

Sheria hiyo haina kifungu kinachoutaja unyanyasaji wa aina ninayoieleza hapa kwa jina lake. Inautaja unyanyasaji wa kijinsia, na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 aweke hatua za kuuzuia. Uganda imeridhia pia, mwaka 2023, Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unahesabu hata tendo moja, na hata tishio tu, linaloweza kumdhuru mtu mwili, akili au mfuko. Lakini mkataba uko mbali na meza ya Malaba. Vilivyo karibu ni vifungu vichache vya Sheria ya Ajira ambavyo, ukivisoma pamoja, vinachora mstari ule ule niliokuwa nikiuchora.

Cha kwanza kinahusu kuhifadhi makosa. Mwajiri akishajua kosa na asichukue hatua ya nidhamu ndani ya siku 15, huhesabiwa ameiacha haki yake ya kuadhibu, isipokuwa kuna sababu zisizo za kawaida. Zile dola za miezi minne iliyopita, zinazotolewa kabatini kila dada anapoomba likizo, haziwezi tena kuwa msingi wa adhabu. Cha pili kinahusu kusikilizwa: kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu mmoja anayemchagua mwenyewe. Cha tatu ndicho wengi hawakijui. Mfanyakazi akiondoka mwenyewe, hata bila notisi, kwa sababu mwenendo wa mwajiri dhidi yake haukuwa wa haki, sheria inaweza kulihesabu hilo kuwa ameachishwa. Kwa maneno mengine, yule anayekusukuma mpaka uandike barua ya kuacha, kisha aseme "aliondoka kwa hiari", hajajificha vizuri kama anavyodhani.

Usitegemee utajiri, hata hivyo. Fidia ambayo afisa wa kazi anaweza kuamuru kwa kuachishwa isivyo haki inaanzia mshahara wa wiki 4, na nyongeza yake haizidi mshahara wa miezi 3. Kwa deklaranti mchanga hizo ni fedha za kumvusha mpaka kazi nyingine, si za kujenga. Sasa pima na hilo: mji wa mpakani ni mdogo, wakubwa wanajuana, na jina la mshitaki linaweza kufika ofisi inayofuata kabla yake. Wapo watakaoona afadhali kutafuta kazi Busia kimya kimya, na siwezi kuwaita waoga.

Atakayeamua kwenda, kwa upande wa Malaba njia inaelekea kwa afisa wa kazi wa wilaya, Tororo. Afisa hawezi kupima "ananidharau". Anaweza kusoma daftari lenye tarehe, maneno yaliyosemwa, waliokuwepo, na agizo lililotangulia. Anaweza kusoma ule ujumbe wa heshima na jibu lake, na ile picha ya entri iliyotumwa mbele ya wateja, mradi uliitunza kabla hujatolewa kwenye grupu, maana kutolewa kwenye grupu huwa ndiyo hatua ya kwanza siku unapoondoka. Usichukue nyaraka za wateja wala kuingia ASYCUDA kukusanya ushahidi, hapo utamgeuza bosi kuwa mlalamikaji. Na muda una mwisho: malalamiko ya kuachishwa isivyo haki yanatakiwa kufika ndani ya miezi 3 tangu siku ya kuachishwa. Baada ya hapo itakubidi kwanza umweleze afisa kwa nini ulichelewa, ndipo umweleze bosi alikufanyia nini.